Kabla Simu Isome Daftari la Chama: Mwanga, Kivuli, Picha Kuinama na Kukata Kingo

Wengi wenu mnatunza hesabu kwenye daftari. Mweka hazina wa chama, mwenye duka la mtaa, msimamizi wa mjengo: kila mmoja ana kurasa zenye majina, namba za simu na viwango vya pesa. Halafu siku ya kulipa inafika. Badala ya kuchapa kila kitu upya, unapiga ukurasa picha, unaacha simu isome maandishi kwa kutumia programu kama Google Lens, kisha unanakili namba na kutuma pesa.

Njia hii inaokoa muda, lakini ina hatari yake. Simu ikisoma 1 kama 7, pesa inaenda kwa kiwango kisicho sahihi. Ikipangia mtu kiwango cha jirani yake kwenye orodha, pesa ya mtu mmoja inaenda kwa mwingine, na kuirudisha ni kazi. Mara nyingi kosa halitokani na programu. Linatokana na picha yenyewe. Katika somo hili tutachukua ukurasa mmoja wa chama, tuone picha ya kwanza iliharibikia wapi, halafu tuipige upya.

Ukurasa wetu wa mfano

Tuseme ni Desemba na chama cha watu 12 kinagawana akiba. Daftari ni lile la kawaida la mistari, ambapo mstari mmoja na mwingine wameachana karibu milimita 8. Kushoto kuna jina, katikati namba ya simu, kulia kiwango cha mgao. Viwango ni hivi, kuanzia mstari wa 1 hadi wa 12:

4,500, 6,000, 4,500, 3,000, 7,500, 4,500, 6,000, 1,500, 4,500, 3,000, 6,000, 4,500.

Jumla ni shilingi 55,500, na imeandikwa chini ya ukurasa.

Mweka hazina wetu alipiga picha saa mbili usiku, sebuleni, chini ya balbu moja. Daftari lilikuwa kwenye mapaja na simu ilikuwa mkono mmoja. Alipoacha simu isome, jumla ya viwango vilivyosomwa ilikuja 57,450. Akarudi kwenye daftari akaona makosa mawili: mstari wa 8 ulisomwa 7,500 badala ya 1,500, na mstari wa 12 ulisomwa 450 badala ya 4,500. Akayasahihisha, jumla ikawa 55,500 kamili, akaanza kutuma.

Kumbe kulikuwa na kosa la tatu. Mstari wa 4 na wa 5 vilikuwa vimebadilishana viwango. Wa 4 alipata 7,500, wa 5 akapata 3,000. Jumla haikuonyesha chochote, kwa sababu kubadilisha nafasi za namba mbili hakubadilishi jumla yake. Shilingi 4,500 zilienda kwa mtu asiye mwenyewe, na mwenye haki yake alikuwa wa kwanza kupiga simu.

Makosa hayo matatu yana sababu tatu tofauti. Tuziangalie moja moja.

Kivuli: kwa nini 1 iligeuka 7

Ili kusoma, programu lazima kwanza itenganishe wino na karatasi. Kwenye picha, kila nukta ina kiwango cha mwangaza. Tukihesabu kutoka 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa, karatasi iliyo kwenye mwanga mzuri inaweza kuwa 210 na wino wa biro 80. Hapo kutenganisha ni rahisi: chochote kilicho chini ya 120 ni wino, kilicho juu ni karatasi.

Sasa weka kivuli cha kichwa chako juu ya nusu ya ukurasa. Karatasi iliyo kivulini inaweza kushuka hadi 90, na wino wake hadi 40. Ukitumia mpaka ule ule wa 120, karatasi yote ya kivulini inahesabika kuwa wino, yaani doa kubwa jeusi. Ukishusha mpaka hadi 70 ili kuokoa sehemu ya kivuli, wino wa kwenye mwanga wenye 80 unahesabika kuwa karatasi, na maandishi yanapotea. Hakuna mpaka mmoja unaofaa pande zote mbili.

Programu nyingi siku hizi zinajaribu kuweka mpaka tofauti kwa kila kipande cha picha. Hiyo inasaidia kivuli kikiwa laini, kinachofifia polepole. Lakini kivuli chenye ukingo mkali, kama cha simu au cha kidole, kinachora mstari juu ya karatasi, na programu inaweza kuuona mstari huo kama wino. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mstari wa 8. Ukingo wa kivuli cha simu ulipita juu kabisa ya 1, ukaonekana kama kikofia chake, na 1 yenye kikofia husomwa 7.

Basi lengo si mwanga mwingi. Lengo ni mwanga ulio sawa ukurasa mzima. Mchana, mahali pazuri ni karibu na dirisha au mlangoni, upande ambao jua haliingii moja kwa moja. Weka daftari mezani na ukae ili mwanga uje kutoka ubavuni mwako. Ukitoka nyuma yako, kichwa na mabega yako yatakuwa juu ya ukurasa. Jua kali la moja kwa moja nalo halifai, kwa sababu linatengeneza vivuli vyenye kingo kali.

Kuna jaribio dogo la kujua kama mwanga unafaa. Simamisha kalamu katikati ya ukurasa. Ikiwa kivuli chake ni cheusi na kina ukingo ulio wazi, mwanga ni mkali mno au unatoka sehemu moja tu. Ikiwa kivuli ni hafifu na kinafifia pembeni, uko sawa. Kisha angalia kioo cha simu kabla ya kubonyeza: pembe nne za ukurasa zionekane na weupe unaolingana.

Usiku ni kugumu zaidi, lakini inawezekana. Balbu moja juu ya kichwa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu simu iko kati ya balbu na karatasi. Sogeza meza hadi balbu iwe mbele yako upande wa kushoto au kulia, si juu yako. Ukipata taa ya pili, iweke upande wa pili, ili kila taa ifute kivuli cha mwenzake. Taa ya simu ya mtu mwingine inatosha, lakini ielekezwe ukutani mweupe ili mwanga urudi ukiwa umesambaa.

Zima flashi. Flashi inapiga katikati ya ukurasa kuliko pembeni, na wino wa biro una mng'ao. Pale inapopiga, wino unaweza kurudisha mwanga na kuonekana mweupe kama karatasi, na tarakimu ikakatika vipande. Shida hiyo ni kubwa zaidi kwenye karatasi laini inayong'aa.

Ukisogea juu kidogo unapunguza kivuli pia. Simu ikiwa sentimita 20 juu ya karatasi, kivuli chake kinafunika sehemu kubwa. Ipandishe hadi karibu sentimita 40 na kivuli kitasogea au kufifia. Ila usipande sana, na sababu tutaiona tukifika kwenye kukata.

Picha kuinama: kwa nini mstari wa 4 na wa 5 vilibadilishana

Hili ndilo kosa linalotuma pesa kwa mtu mwingine, kwa hivyo tulipe muda.

Programu ikimaliza kutambua vikundi vya maandishi, inavipanga kwenye mistari kwa kuangalia vipo juu au chini kiasi gani. Jina lililo kushoto na kiwango kilicho kulia vinaunganishwa kwa sababu viko kimo kimoja. Picha ikiwa imezunguka kidogo, upande wa kulia unapanda au kushuka, na kimo hakilingani tena.

Kidogo ni kiasi gani? Tuseme kutoka kwenye jina hadi kwenye kiwango kuna sentimita 15. Picha ikizunguka nyuzi 3 tu, upande wa kulia unasogea karibu milimita 8. Hiyo ni mstari mzima wa daftari letu. Nyuzi 3 ni kidogo sana kwa macho. Ukiiangalia picha haraka utasema imenyooka. Ikizunguka nusu ya hapo, kiwango kinaelea katikati ya watu wawili, na programu inalazimika kubahatisha.

Programu nyingi huinyosha picha zenyewe kabla ya kusoma, na kwa mwinamo wa kawaida zinafanya vizuri. Shida ni pale ambapo ukurasa wenyewe haujalala sawa. Daftari lililo mapajani huwa na mgongo uliopanda karibu na kishono, hivyo mistari ya upande mmoja inapinda huku ya upande mwingine ikiwa imenyooka. Hakuna mzunguko mmoja unaozinyosha zote. Kwa mweka hazina wetu, 7,500 ya mstari wa 5 ilipanda, na 3,000 ya mstari wa 4, ambayo iliandikwa chini kidogo, ikakaa nayo kimo kimoja. Zote mbili zikaangukia mstari wa 4, huku 7,500 ikitangulia kwa kuwa iliandikwa kushoto zaidi. Mstari wa 5 ukabaki bila kiwango. Yeye akachukua ya kwanza kwa wa 4 na ya pili kwa wa 5.

Kuna mwinamo wa aina ya pili. Ukiishika simu ikiwa imeegemea mbele, sehemu ya juu ya ukurasa inaonekana nyembamba kuliko ya chini, kama barabara inayoenda mbali. Hapo tarakimu za juu zinakuwa ndogo, nafasi kati ya mistari inabana, na sehemu moja inaweza kukosa kuwa wazi.

Dawa ya yote mawili ni hii. Weka daftari mezani, si mapajani wala mkononi. Lifungue hadi lilale, na uweke kitu kizito kama simu nyingine juu ya ukurasa wa pili, karibu na kishono. Washa mistari ya gridi kwenye kamera. Kwenye iPhone iko Settings, kisha Camera, kisha Grid, na kwenye Android iko ndani ya mipangilio ya kamera. Linganisha ukingo wa ukurasa na mstari wa gridi, upande wa kushoto na wa juu. Simu ilale sambamba na meza, juu ya katikati ya ukurasa. Utajua iko sawa ukingo wa kushoto na wa kulia wa ukurasa ukionekana sambamba, bila kukaribiana juu.

Ikiwa simu yako ina sehemu ya kuskani hati, itumie badala ya kamera ya kawaida. Iko ndani ya Google Drive kwenye Android, na kwenye Notes ya iPhone inaitwa Scan Documents. Inatafuta pembe nne za karatasi na kuinyosha picha ili pembe ziwe mraba. Ila kumbuka, inanyosha mwinamo wa simu. Haiwezi kulaza karatasi iliyopinda.

Kukata: kwa nini 4,500 ikawa 450

Kwenye mstari wa 12 mweka hazina alikata picha hadi ikagusa namba. Sifuri ya mwisho ilibaki nusu. Nusu ya sifuri inafanana na mabano au mkwaruzo, kwa hivyo programu ikaiacha.

Kanuni yetu ni hii: piga ukiwa na nafasi, kata baadaye. Wakati wa kupiga, acha meza ionekane kidogo kuzunguka ukurasa, upana wa kidole kimoja unatosha. Pembe zote nne zikionekana, programu inajua karatasi inaishia wapi. Hapa rangi ya meza ina maana: karatasi nyeupe juu ya kitambaa cheupe haina mpaka unaoonekana. Weka chini kitu cheusi au cha rangi ya giza.

Ukisha kupiga, nyosha kwanza, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kunyosha, pembe za maandishi zinaweza kutolewa picha ikizungushwa. Unapokata, ondoa meza, vidole na ukurasa wa jirani, kwa sababu maandishi ya ukurasa wa jirani yanaweza kusomwa na kuchanganywa na yako. Lakini acha ukanda mweupe kuzunguka maandishi, angalau upana wa tarakimu moja kila upande.

Na sasa ile sababu ya kutopanda sana. Karatasi ya A4 ikisomwa kwa kipimo kinachopendekezwa sana cha nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kamera ya megapikseli 8 inakaribia hapo, lakini tu kama karatasi imejaza picha. Ukipiga kutoka mbali hadi ukurasa uchukue nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, umebaki na robo ya nukta. Ukikata huziongezi, na kukuza kwa vidole kwenye kamera isiyo na lenzi ya pili pia hakuongezi. Kama mwandiko ni mdogo, piga picha mbili: nusu ya juu, kisha nusu ya chini, na mstari mmoja uonekane kwenye zote mbili ili usiruke mtu.

Ukitaka kumtumia mwenzako picha hiyo kwa WhatsApp aisome yeye, itume kama Document. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na tarakimu nyembamba zinaweza kupoteza kingo zake.

Jambo moja la usalama. Ikiwa ukurasa una namba za vitambulisho, au mtu ameandika PIN hapo (tafadhali, msiandike PIN kwenye daftari), zifunike kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Usitegemee kukata, kwa kuwa simu nyingi huhifadhi picha ya awali na aliyekata anaweza kuirudisha.

Picha ya pili

Asubuhi, mweka hazina wetu angefanya hivi. Anafuta lenzi kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole yanafanya wino uonekane na ukungu. Anaweka daftari juu ya gazeti au kitambaa cheusi, mezani karibu na mlango, mwanga ukitoka kushoto. Anatia karatasi nyeusi chini ya ukurasa, ili maandishi ya nyuma yasionekane upande huu. Flashi imezimwa, gridi imewashwa, simu imelala sambamba karibu sentimita 40 juu. Anashika kwa mikono miwili, anagusa kioo juu ya maandishi ili kamera ilenge hapo, anapiga mara tatu. Anachagua iliyo wazi zaidi, anainyosha, anakata huku akiacha ukanda mweupe.

Asigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa haraka. Kichujio hicho kinapendeza macho, lakini kinaweza kufuta penseli au biro iliyofifia kabla hata programu haijaanza kusoma. Abaki na rangi, na aitunze picha ya awali.

Kuhakiki kabla ya kutuma

Picha nzuri inapunguza makosa, haiyamalizi. Mwandiko wa mkono ni mgumu kuliko maandishi ya kuchapwa, na tarakimu iliyoandikwa juu ya nyingine haiokolewi na mwanga wowote. Kwa hivyo kagua mara tatu, na kila ukaguzi una kazi yake.

Kwanza, jumlisha viwango na ulinganishe na jumla ya daftari. Hii inakamata tarakimu iliyosomwa vibaya, kama 1 na 7, 4 na 9, au sifuri iliyopotea.

Pili, hesabu tarakimu za namba za simu. Namba ya simu ya mkononi hapa Kenya ina tarakimu 10 na huanza na 07 au 01. Ikiwa ni 9 au 11, kuna iliyopotea au iliyoongezwa.

Tatu, weka rula chini ya kila mstari wa daftari na usome jina, namba na kiwango pamoja, ukilinganisha na ulichonakili. Ni huu tu ungekamata kubadilishana kwa mstari wa 4 na wa 5. Mstari wowote uliokuja na viwango viwili, au bila kiwango, ni ishara kwamba picha iliinama: usikisie, rudia picha.

Na unapotuma, soma jina linaloonekana kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa si la mtu wa mstari huo, simama hapo na urudi kwenye daftari. Ukithibitisha, pesa imetoka.